Mapitio ya ripoti ya makabidhiano: zamu ya usiku, wodi ya tiba ya watu wazima

Kwa: Muuguzi wa zamu ya usiku wa kuamkia Jumatano
Kutoka: Muuguzi msimamizi wa wodi, Arua
Nakala: Kiongozi wa zamu ya mchana

Dada yangu,

Nimeisoma ripoti yako mezani, kisha nikaipitia tena kando ya kila kitanda nikiwa na chati mkononi. Najua usiku ulikuwa mzito, kwa kuwa mlikuwa wawili na wagonjwa wapya waliingia, na hali ya wagonjwa inaonyesha kwamba walihudumiwa. Ninachoandika hapa ni kuhusu karatasi yenyewe, ambayo mahali pengi inaeleza maoni yako juu ya mgonjwa bila kutaja ulichokipima, hivyo anayepokea zamu hana kipimo cha kulinganisha ili ajue kama mgonjwa amepanda au ameshuka.

Naanza na kitanda cha 4, yule kijana mwenye malaria kali, kwa sababu ndiye aliyenitia wasiwasi zaidi. Umeandika: "Artesunate 2 saa 2. BS imetumwa. Hajambo kiasi, anapumua vizuri." Dozi ya kwanza alipewa saa 2 usiku, na kwa kuwa dozi ya pili hufuata baada ya saa 12, ilikuwa iangukie saa 2 asubuhi, wakati uleule wa makabidhiano. Maneno yako hayasemi kama imetolewa au itolewe, na kisanduku cha sahihi kwenye chati ya dawa kilikuwa kitupu. Mtu mmoja angeweza kuirudia na mwingine angeweza kuiruka, na kila mmoja angekuwa na hoja. Ulipojibu simu na kueleza kuwa hukuitoa, tulimpa miligramu 125, kulingana na uzito wake wa kilo 52, saa 2 na dakika 40. Aidha, chati zetu za dawa zimechapishwa kwa saa 24, hivyo "saa 2" inaweza kuchukuliwa kuwa 02:00. Katika ripoti andika 08:00 au 20:00 hata kama kwa mdomo tunaendelea kusema saa 2 kama kawaida yetu.

"BS" nayo ina matatizo yake. Maabara huielewa kuwa kipimo cha damu cha malaria kwa darubini. Muuguzi wa mchana alidhani ni sukari. Na daktari akikagua tumbo huiandika kwa sauti za matumbo. Kwa mgonjwa wa malaria kali, maana mbili za kwanza zote zinawezekana na zote ni za haraka, kwani sukari yake inaweza kushuka ghafla. Rejista ya maabara inaonyesha ulituma kipimo cha malaria. Sukari haikuandikwa popote usiku kucha, na asubuhi tumeipima ikawa 4.9. Pia sioni idadi ya pumzi kwa dakika, kiwango cha fahamu wala kiasi cha mkojo. Mgonjwa huyu aliletwa akiwa amechanganyikiwa, kwa hiyo "hajambo kiasi" hainielezi kama sasa anajibu jina lake, anafumbua macho anapoitwa, au anaitikia anapoumizwa tu. Tafadhali andika kile alichokifanya ulipomwita.

Kitanda cha 9 umeandika "Insulin 4U saa 1." Muuguzi aliyepokea zamu alisoma arobaini. Niliichukua karatasi nikaitazama dirishani, na kwa kweli ile U imefunga juu kabisa, macho yake hayalaumiki. Chati ya dawa inasema yuniti 4, na sukari tuliyopima saa 3 asubuhi, 6.2, inakubaliana na hilo. Kuanzia leo neno "yuniti" liandikwe lote, bila kufupishwa, katika ripoti na katika chati. Hata hivyo, lililonishughulisha zaidi ni chakula. Mgonjwa huyu hula kinacholetwa na ndugu zake, na leo uji ulifika saa 2 na nusu, wakati insulini ilikwisha kuingia saa nzima na nusu kabla. Ripoti haitaji sukari kabla ya sindano wala kama alikuwa amekula. Tulimkuta salama, lakini katika kitanda hiki mambo matatu huandikwa pamoja kila mara: sukari, yuniti na chakula.

Kitanda cha 11: "Damu unit 1 imeisha, hakuna Rx. Unit 2 pending." Nadhani ulikusudia kwamba hakupata mzio wala homa kutokana na damu, lakini Rx ndiyo alama yetu ya dawa zilizoandikwa na daktari, na aliyepokea zamu alianza kutafuta kwa nini mama mwenye damu pungufu kiasi hicho hana matibabu. Saa ya kuanza imeandikwa, 01:20, na nambari ya mfuko ipo kwenye faili. Hayo umefanya vizuri. Kinachokosekana ni vipimo vya kabla ya kuanza, vya dakika 15 baada ya kuanza, na vya mwisho. Vile vya dakika 15 havina mbadala, kwa kuwa athari kubwa za damu isiyolingana mara nyingi hujitokeza mapema, na leo hatuwezi kurudi kuvipima. Kama ulivipima ukaviandika kwenye kipande cha karatasi, kilete.

Kuhusu "pending": neno hili limetumika mara tano katika ukurasa mmoja na halina mwenyewe hata mara moja. Damu ya pili, je, imeombwa, imepimwa ulinganifu, au bado iko kwenye mawazo ya daktari? Tumeuliza maabara, wakasema ombi halijawafika. Kitanda cha 7 kimeandikwa "skani pending, daktari anajua", na mzee amekaa bila kula tangu usiku bila mtu kujua skani ni saa ngapi. Daktari yupi anajua, aliambiwa saa ngapi, naye alisema nini? Kazi inayobaki iandikwe hivi: "Muuguzi wa mchana apeleke ombi la damu ya pili maabara kabla ya 09:00, ikikosekana ampigie daktari wa zamu."

Unajua kuandika hivyo, kwa sababu kitanda cha 2 umeandika: "Oksijeni lita 2 kwa dakika, kiwango 93, pumzi 26 saa 06:00. Kikishuka chini ya 90, ongeza na mwite daktari." Niliposimama mbele ya mgonjwa yule sikuwa na swali hata moja. Vitanda vilivyobaki vina upungufu mdogo tu wa saa za vipimo, nami nimeviwekea alama ya penseli pembeni.

Ukija leo jioni, fika saa 1 na nusu tuketi pamoja na chati za vitanda vya 4, 9 na 11. Usifute chochote wala kuandika juu ya maandishi ya zamani; piga mstari mmoja unaosomeka, kisha andika nyongeza yenye tarehe, saa halisi unayoandika, na sahihi yako. Kipimo ambacho hakikuchukuliwa kiandikwe kuwa hakikuchukuliwa. Ombi la damu ya kitanda cha 11 limepelekwa saa 3 na robo, na kiongozi wa zamu ya mchana ndiye anayelifuatilia mpaka atakapokukabidhi.