YAH: Ukaguzi na ujazaji wa vizima moto, mtungi kwa mtungi

Ndugu Afisa Manunuzi,

Habari za kazi. Hatujawahi kufanya kazi pamoja, wala sijaelekezwa kwako na mtu. Niliona kwenye tovuti yenu tangazo la kuandikisha watoa huduma wa mwaka ujao wa fedha, na kati ya huduma zilizotajwa yamo matengenezo ya vizima moto. Hiyo ndiyo kazi yetu, na hatuna nyingine.

Sisi ni karakana ndogo: mafundi watatu, mimi, na gari moja la kubebea mitungi. Tunakagua, tunajaza na kubadilisha vipuri vya mitungi ya unga mkavu, povu, maji na kaboni dayoksaidi. Wateja wetu wengi ni shule na maghala.

Huenda umeshakutana na huduma ya aina hii: fundi anakuja, anapangusa vumbi, anabandika stika mpya, anaacha ankara. Kwa anayeidhinisha malipo, mtungi uliofunguliwa na ule uliopanguswa tu havina tofauti ya kuonekana. Mshale wa geji ukisimama kwenye kijani unakwambia presha ipo, lakini haukwambii unga uko katika hali gani. Unga ulioingiwa na unyevu, au uliokaa miaka bila kuguswa, hushikamana ndani, na siku ya moto presha inaweza kutoka yote huku unga mwingi ukibaki chini. Mitungi ya kaboni dayoksaidi kwa kawaida haina hata hiyo geji. Kujua kilichomo ni kuuweka mtungi kwenye mizani na kulinganisha na uzito ulioandikwa juu yake. Gesi ikiwa imepungua kwa zaidi ya asilimia 10, tunaujaza upya.

Kwa sababu hiyo kila mtungi tunaupa mstari wake kwenye ripoti: namba yake, mahali unapokaa, uzito kabla na baada, kipuri kilichobadilishwa, na picha ya ndani pale tulipoufungua. Ankara inafuata mistari hiyo hiyo, ili wewe au mkaguzi wa hesabu muweze kushika mstari wowote na kwenda kuutazama mtungi wenyewe ukutani. Mtungi usiohitaji kujazwa unalipiwa ukaguzi peke yake. Ulioliwa na kutu au kubonyea tunauandika kuwa haufai, pamoja na sababu. Mitungi mipya hatuuzi, kwa hiyo hatupati chochote kwa kuukataa wa zamani.

Tunapochukua mitungi kwenda karakana tunaacha mingine ya akiba mahali pake, ya aina ile ile, mpaka yenu irudi. Kwa kasi ya kawaida tunamaliza kama mitungi 30 kwa siku.

Yapo tusiyoyafanya. Mabomba ya kunyunyizia maji na kengele za moto hatuzigusi. Mitungi iliyofikia muda wa kupimwa kwa presha ya maji tunaipeleka kwa kituo chenye kibali cha kazi hiyo. Cheti kinatoka kwa jina lenu, ila hapo siku zinaongezeka, na ni vizuri mjue mapema mnapopanga ratiba.

Nimeambatisha cheti cha usajili wa biashara, leseni, uthibitisho wa mlipakodi na orodha ya bei kwa aina na ukubwa wa mtungi, ambayo haitabadilika kwa siku 90. Kiambatisho cha mwisho ni ripoti halisi ya kazi tuliyomaliza; jina la mteja limefutwa, na ametupa ruhusa kuionyesha. Kama muda wako ni mchache, fungua hiyo kwanza.

Ombi langu ni kwamba mnapoita nukuu za bei za huduma hii, nasi tuwe miongoni mwa mtakaowaandikia. Kama mna mkataba unaoendelea na mtoa huduma mwingine, nitajie tu mwezi unaoisha, nami nitakuandikia wakati huo. Na kama taratibu zenu zinaruhusu kumpima mtoa huduma kabla, tuchagulieni mitungi mitano popote jengoni, hata ile iliyohudumiwa karibuni. Tutaikagua bila malipo na kukuletea ripoti kesho yake, na hakutakuwa na deni la aina yoyote.

Ikiwa suala hili liko kwa afisa usalama au idara nyingine, nitashukuru ukinielekeza. Simu sitapiga, jibu la barua pepe hii, hata la mstari mmoja, linanitosha.

Wako katika kazi,

Rehema Juma
Mmiliki na fundi mkuu
Karakana ya Huduma za Vizima Moto