Kuhusu tarehe ya mkataba wa ghala

Mzee wangu, shikamoo.

Nimepokea ujumbe wako wa jana kuhusu mkataba wa ghala la korosho pale Mtwara. Naelewa haraka uliyonayo: msimu umeanza na benki wanadai karatasi. Hata hivyo, sitaweza kuandika, kama ulivyoomba, kuwa mkataba ulisainiwa 1 Julai, wala kurekebisha daftari la malipo ya pango lifuate tarehe hiyo. Pande mbili zinasaini wiki hii, na tarehe ya mkataba lazima iwe siku hiyo ya kusaini. Muda wa kulipa ushuru wa stempu nao huhesabiwa kuanzia siku ya kusaini.

Najua unachotaka ni karatasi ionyeshe ukweli kwamba mzigo wako ulikuwa humo tangu Julai. Hilo linawezekana bila kugusa tarehe. Tutaweka tarehe halisi ya kusaini, kisha kifungu kinachoeleza kuwa umelitumia ghala tangu 1 Julai kwa makubaliano ya mdomo, na mwenye ghala athibitishe kwa saini yake. Miamala ya simu uliyomlipia tutaiambatanisha kama ilivyo. Kama kuna kodi ya zuio ya miezi hiyo haijapelekwa TRA, tuipeleke sasa. Nitakuandalia hesabu yake mimi mwenyewe.

Rasimu itakuwa tayari kesho mchana. Ukipenda, nitaongea na afisa wa benki nikiwa nawe, nimweleze kwa nini tarehe iko hivyo.

Wako,
Mhasibu wako, Mtwara