Hotuba ya mahafali ya madrasa

Asalaam aleikum masheikh, maustadhi, wazazi na nyie wahitimu wenzangu, leo tumevaa kanzu mpya na mabuibui yamepigwa pasi, mashallah, lakini cheti hiki kisitutie kiburi jamani. Ibn Abbas alikuwa binamu yake Mtume, bado alimshikia Zayd bin Thabit hatamu ya mnyama wake kwa heshima ya elimu, sasa sisi tuliomaliza Juzuu Amma juzi tu tunampita ustadhi njiani tunachati, hata salamu hakuna! Nabii Musa naye alisafiri mpaka akachoka kumtafuta Khidhri, na alipomkuta aliomba ruhusa kwanza ndo amfuate, ipo Suratul Kahf. Kuuliza maswali ruksa, ila subiri ustadhi amalize, usimkatize, na usimuulize ili umuumbue mbele ya watoto. Na wazazi wetu, samahanini nalisema hapa hapa, mtoto akirudi analia msimtukane ustadhi mbele yake, njooni muongee naye pembeni, halafu ile ada ya mwezi ilipwe kwa wakati maana na yeye ana familia. Maustadhi, tusameheni kwa utundu wetu, mtuombee dua. Nawapisha wadogo zetu wa kaswida.