Mistari ya Penseli

Fundi alinikabidhi mkoba wake wote, lakini tindo na nyundo alizifunga kwa kamba akazizamisha chini kabisa, chini ya spana na mabaki ya mabomba.

"Ukizifikia hizo," aliniambia, "uwe umeshajua maji yanatoka wapi."

Yeye alikuwa na tangi la kumalizia kwingine, angenifuata mchana. Kwa miezi 7 nilikuwa nimembebea mkoba ule nikitembea nyuma yake. Siku hiyo mbele yangu hapakuwa na mtu.

Bibi alifungua mlango nikiwa bado nimeinua mkono kubisha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Fundi yuko wapi?"

"Nimetangulia mimi, bibi. Mwenyewe anakuja baadaye."

Akanitazama kuanzia viatu hadi kofia, kisha akaniongoza hadi chumba kidogo chenye kitanda kimoja, kilichosogezwa katikati ili kisiguse ukuta. Nikauona. Rangi ilikuwa imevimba na kubanduka, chumvi nyeupe imechomoza kwenye plasta kama unga. Juu ya sehemu iliyolowa palikuwa na mistari ya penseli, mmoja juu ya mwingine, kama ile ya kumpimia mtoto kimo.

"Kila ukilowa nachora," alisema. "Unapanda, unashuka kidogo, unapanda tena. Mwaka wa pili huu."

Alikuwa ameshamlipa mtu aliyevunja sakafu ya bafu na kukuta mchanga mkavu. Alikuwa ameshapaka rangi mara tatu. Jirani mmoja alimwambia nyumba imekaa juu ya chemchemi, mwingine akamwambia jambo ambalo bibi hakutaka kulitamka.

"Na wewe utavunja wapi?"

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu aliyeshajiandaa kupoteza kitu kingine tena.

"Sivunji bado, bibi. Kwanza naangalia."

Nilimwomba asifungue bomba lolote, nikaenda kwenye mita. Katika uso wa mita kuna kigurudumu kidogo chekundu ambacho hata maji kidogo yakipita huweza kukizungusha. Nilichuchumaa nikikitazama dakika 20. Hakikutikisika. Nilitamani sana kitikisike. Kingezunguka, ningejua bomba la maji safi linavuja ukutani, na kazi ingekuwa na mwanzo.

Upande wa pili wa ukuta ule ni bafu. Nikaziba tundu la kutolea maji kwa kitambaa na mfuko wa nailoni, nikamwaga maji sakafuni mpaka yakafika nusu ya kigae cha kwanza, nikachora alama yangu ya penseli. Nusu saa baadaye maji yalikuwa palepale. Mita imesimama, sakafu haivuji, mvua haijanyesha kwa wiki kadhaa, na nyuma yangu ukuta umelowa.

Nikarudi kwenye mkoba, mkono ukateremka hadi kwenye kamba. Nasema kweli, nilianza kuifungua. Aibu ya kukaa pale bila jibu ilikuwa nzito kuliko onyo la fundi. Nyundo ingalau hupiga kelele, na mwenye nyumba akisikia kelele hudhani kazi inafanyika.

Kilichonizuia ni samaki. Sahani ya sabuni, ya plastiki ya njano, yenye umbo la samaki, ilikuwa imebandikwa ukutani karibu na shawa. Bomba la chini lilikuwa na ndoo, kata na kigoda. Hapo ndipo mtu mzima wa nyumba hii alipoogea, ilionekana wazi. Shawa ilikuwa juu, na sabuni ya samaki ilikuwa imetumika.

"Bibi, nani anaoga kwa shawa?"

"Mimi siwezi kusimama muda mrefu, naogea ndoo. Hiyo ni ya mjukuu wangu."

"Anakaa hapa?"

"Huletwa Jumamosi, hurudi kwao Jumapili jioni." Akanyamaza, akatazama sehemu aliposimama. "Ukuta huwa mbaya zaidi Jumatatu."

Leo ilikuwa Jumatatu.

Nikaona ujinga wangu ulipokuwa. Ile mita nilikuwa nimeiuliza swali pungufu. Koki ya shawa ikifungwa, kipande cha bomba kinachopanda kutoka kwenye koki hadi kwenye kichwa cha shawa hakina msukumo wowote ndani yake. Kinaweza kuwa kimepasuka, na mita isijue. Kinapata maji pale tu mtu anapooga.

Nikakifungua kichwa cha shawa, nikazungushia nyuzi tepu nyeupe, nikafunga plagi ya nusu inchi ikakaza. Kisha nikafungua koki. Maji yalipanda, yakakuta njia imezibwa. Nikakimbia kwenye mita, bibi nyuma yangu akiburuta kandambili. Kama bomba lote lingekuwa zima, kigurudumu kingezunguka kidogo na kusimama.

Hakikusimama. Kilizunguka polepole, bila haraka.

"Ndiyo hiyo?" bibi aliuliza.

"Ndiyo hiyo."

Fundi alipofika, nilikuwa nimefungua kamba. Alitazama plagi, akatazama mita, akaketi kwenye kigoda cha bibi. "Kigae kipi?" Nikamwonyesha kimoja tu, pale mkono wa shawa unapoingia ukutani. "Basi kitoe."

Nilikitoa kizima. Nyuma yake palikuwa na elbo ya plastiki iliyopasuka kwenye nyuzi, ufa mwembamba kama unywele. Aliyefunga mkono wa shawa alikuwa amekaza kupita kiasi. Maji yalikuwa yakiteremka ndani ya ukuta kwa kufuata mfereji wa bomba, yakituama kwenye msingi, kisha matofali yakiyanyonya na kuyapandisha upande wa chumbani. Ndiyo maana juu palikuwa pakavu na kila mtu alitafuta chini.

Tukakata, tukaweka elbo mpya yenye nyuzi za shaba. Mashine ya kuchomea ilipofika nyuzi joto 260 fundi alinipa mimi. Bomba la milimita 20 huhitaji sekunde 5 tu, kisha unaliingiza moja kwa moja bila kulizungusha. Nilihesabu kwa sauti. Tulipojaribu tena kwa plagi, kigurudumu kilizunguka kidogo, kikasimama. Tulikitazama sote watatu, hakuna aliyesema neno, mpaka bibi alipovuta pumzi.

Nikamwambia asipake rangi bado. Ukuta uachwe upumue wiki kadhaa, madirisha wazi. Alikuwa hanisikii. Alikuwa na simu sikioni.

"Mlete," alikuwa akisema. "Nilikwambia asije mpaka chumba kikauke, najua. Mlete Jumamosi."

Sikujua hilo. Kumbe ile sabuni ingekaa bila mwenyewe.

Kabla ya kuondoka nilimwomba penseli yake, nikachora mstari kwenye ukingo wa sehemu iliyolowa, nikaandika tarehe.

Jumapili jioni nilirudi, ingawa hakuna aliyeniita. Shawa ilikuwa wazi, na nyuma ya mlango wa bafu mtoto alikuwa akiimba kwa sauti kubwa, akirudia maneno mawili yaleyale. Nilisimama chumbani, kiganja changu kimetulia ukutani juu ya mstari wangu. Palikuwa pakavu. Nikakishusha chini ya mstari, upana wa vidole vinne. Pakavu. Bibi alisimama mlangoni na penseli mkononi, akinisubiri nimwambie pa kuchora.