Muhtasari wa Kikao cha Tatu cha Idara ya Kiswahili, Mwaka wa Masomo 2024/2025

Kikao kilifanyika Jumatano, tarehe 14 Mei 2025, katika Chumba cha Semina cha Idara, kuanzia saa 3:30 asubuhi.

Mahudhurio. Kati ya wajumbe 17 walihudhuria 13: Mkuu wa Idara (Mwenyekiti), Mratibu wa Mitaala, Mratibu wa Mitihani, Mratibu wa Shahada za Juu, wahadhiri wanane, na Katibu wa Idara aliyeandika muhtasari. Wajumbe watatu walitoa udhuru kwa maandishi. Wawili kati yao wako masomoni. Mjumbe mmoja hakuhudhuria na hakutoa taarifa. Akidi ni wajumbe tisa, hivyo ilitimia.

Dondoo 3/1: Kufungua kikao na kupitisha agenda

Mwenyekiti alifungua kikao. Agenda ilipitishwa baada ya suala la ratiba ya mitihani kutolewa kwenye Mengineyo na kuwekwa pamoja na uteuzi wa watahini, kwa kuwa mambo hayo mawili hayatenganiki.

Dondoo 3/2: Kuthibitisha muhtasari wa kikao cha pili

Ulithibitishwa na sahihisho moja: katika dondoo 2/5, "KS 203" isomeke "KS 230".

Dondoo 3/3: Yatokanayo

Maoni ya wadau kuhusu mtaala yamekusanywa na kuambatishwa kwenye rasimu. Kikao kilimtaka Mratibu wa Mitaala aongeze jedwali linaloonesha maoni yapi yalikubaliwa, yapi yalikataliwa na kwa sababu gani. Maoni yaliyorundikwa nyuma ya rasimu bila majibu ndiyo yaliyoirudisha rasimu iliyopita kutoka ngazi ya Ndaki.

Dondoo 3/4: Rasimu ya mtaala wa Shahada ya Awali ya Sanaa katika Kiswahili

3/4.1 *Hesabu ya krediti.* Mratibu wa Mitaala aliarifu kwamba rasimu iliyosambazwa tarehe 28 Aprili ina kosa. Jedwali la jumla linaonesha krediti 360, ambacho ndicho kiwango cha chini cha Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kwa shahada ya miaka mitatu. Lakini KS 230 Mbinu za Utafiti (krediti 12) imehesabiwa mara mbili, muhula wa nne na muhula wa tano, kwa hiyo jumla halisi ni 348. Kosa lilitokea kozi hiyo ilipohamishwa muhula bila kufutwa ilipokuwa. Jumla ya kila muhula ilionekana sahihi, 60, na ndiyo maana wahakiki wawili hawakuliona.

Wajumbe wawili walipendekeza kozi zilizopo ziongezewe krediti mbilimbili hadi pengo lizibwe. Pendekezo lilikataliwa. Krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na anayeongeza krediti lazima aoneshe saa hizo zinatumikaje. Kupandisha tarakimu bila kubadili maudhui ni kujitafutia hoja mbele ya watathmini wa ithibati.

Kikao kiliazimia:
(a) KS 230 ibaki muhula wa nne pekee, ili mwanafunzi aingie mwaka wa tatu akiwa na pendekezo la mradi wake.
(b) Nafasi ya krediti 12 katika muhula wa tano ichukuliwe na kozi mpya, KS 317 Tafsiri ya Matini za Kisheria.

3/4.2 *KS 317.* Hoja ya kozi hii ilishawasilishwa katika vikao viwili vilivyopita. Marekebisho ya mwaka 2021 ya Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, na kazi ya kutafsiri sheria na nyaraka za mahakama inahitaji watu waliofunzwa. Mgawanyo wa saa 120 uliopitishwa ni: mihadhara 30, semina 15, mazoezi ya vitendo 30 na kujisomea 45. Mazoezi yatatumia sheria zilizokwisha kuchapishwa. Majalada ya kesi yenye majina ya watu hayatatumika, hata kama mwanafunzi ameyapata kwa njia halali.

Sharti la kujiunga ni kufaulu KS 215 Nadharia za Tafsiri. Wanafunzi wa ualimu hawasomi KS 215, hivyo KS 317 itakuwa ya lazima kwa wanafunzi wa shahada hii pekee na haitaorodheshwa miongoni mwa kozi za hiari za ualimu. Ikiorodheshwa, mfumo wa usajili utawaruhusu kujisajili na tatizo litaonekana wiki ya sita.

Mjumbe mmoja alipendekeza tathmini endelevu iwe 50 na mtihani 50, kwa kuwa tafsiri haipimwi vizuri kwa saa tatu. Kikao kilikubali hoja ya kitaaluma lakini hakikukubali utaratibu: uwiano wa kawaida ni 40 kwa 60, na kuubadili kunahitaji kibali mahususi cha Seneti ambacho kingechelewesha rasimu nzima. Iliazimiwa uwiano ubaki 40 kwa 60, na 40 igawanywe hivi: mradi wa tafsiri wenye maelezo ya maamuzi ya mfasiri 20, jaribio 10, mazoezi ya semina 10. Katika mtihani wa mwisho kamusi zitaruhusiwa, na sharti hilo liandikwe kwenye maelekezo ya karatasi yenyewe.

3/4.3 *Kuunganisha KS 112 na KS 118.* Kozi hizi mbili za fasihi simulizi zinafundisha uainishaji wa tanzu mara mbili. Zimeunganishwa kuwa KS 119 Fasihi Simulizi na Utafiti wa Uwandani, krediti 18 (10 na 8 za awali), hivyo jumla ya muhula haibadiliki. Saa 40 kati ya 180 ni za uwandani: siku tano za saa nane. Rekodi zote ziambatane na ridhaa ya fanani, jina la mahali, tarehe na lahaja. Rekodi isiyo na taarifa hizo haitapewa alama na haitaingizwa katika hifadhi ya Idara. Gharama za usafiri hazijapata fungu. Mwenyekiti atawasilisha ombi kwa Rasi wa Ndaki. Ombi likikataliwa, uwandani utafanyika katika kata zinazozunguka chuo, na maelezo ya kozi yameandikwa kwa namna inayoruhusu hilo.

3/4.4 *Wanafunzi wa mtaala wa zamani.* Wanafunzi saba wanadaiwa KS 118. Hawawezi kulazimishwa kusoma KS 119 yenye krediti 18 ilhali wanadaiwa 8 na KS 112 wameifaulu. Iliazimiwa wafanye mtihani wa marudio Septemba 2025. Watakaoshindwa, pamoja na wengine watakaodaiwa baadaye, watahudhuria mihadhara ya KS 119 ya wiki ya 7 hadi ya 13 inayohusu tanzu, na watapewa karatasi ya KS 118 peke yake, kwa msimbo wake wa zamani. Karatasi hiyo itatungwa kwa mara ya mwisho mwaka 2028/2029.

3/4.5 Rasimu iliyosahihishwa iwasilishwe kwa Ndaki kabla ya tarehe 6 Juni 2025. Mtaala umekusudiwa kuanza 2026/2027 na hautatangazwa kwa waombaji kabla ya ithibati kupatikana. *Mtekelezaji: Mratibu wa Mitaala.*

Dondoo 3/5: Ratiba na watahini wa muhula wa pili

3/5.1 *Ratiba.* Rasimu ya ratiba inaanza Jumatatu, tarehe 7 Julai. Siku hiyo ni Sabasaba, sikukuu ya kitaifa, na pia ni Siku ya Kiswahili Duniani ambayo Idara ina shughuli zake. Mratibu wa Mitihani aombe KS 101, yenye watahiniwa 412, ihamishiwe tarehe 8 Julai asubuhi. Mitihani itamalizika tarehe 18 Julai, usahihishaji wa kwanza tarehe 1 Agosti, na wa pili tarehe 7 Agosti kwa kuwa tarehe 8 ni Nanenane.

3/5.2 *Watahini wa ndani.* Orodha ya kozi 22 katika Kiambatisho A ilipitishwa na mabadiliko mawili. Katika KS 226 jina la mtungaji na la mhakiki lilikuwa la mtu mmoja. Mhakiki amebadilishwa. Katika KS 308 mtungaji ni mhadhiri wa muda. Ataendelea, lakini Mhadhiri Mwandamizi wa fonolojia ameteuliwa kuwa mtahini mwenza atakayewajibika kwa alama na kutia saini fomu ya matokeo.

Karatasi za mitihani na miongozo ya usahihishaji vimfikie Mratibu tarehe 30 Mei, kwa mkono, katika bahasha iliyofungwa. Visitumwe kwa barua pepe wala kwa makundi ya simu. Uhakiki utafanyika tarehe 2 hadi 4 Juni. Mratibu alikumbusha kasoro za muhula uliopita: miongozo miwili ilikuwa na jumla ya 58 na 64 badala ya 60, na swali moja la mtihani lilikuwa limetolewa neno kwa neno katika jaribio. Kuanzia sasa mtungaji ataambatisha maswali ya majaribio yote, na mwongozo ambao jumla yake si 60 hautapokelewa.

3/5.3 *Watahini wa nje.* Kipindi cha miaka mitatu cha mtahini wa isimu kimekwisha. Majina matatu yalijadiliwa. La kwanza liliondolewa kwa sababu mjumbe wa Idara hii ni mtahini wa nje katika idara ya mhusika, na kubadilishana watahini hakuruhusiwi. La pili liliondolewa kwa kuwa mhusika alifundisha hapa kwa muda mwaka 2023. Kikao kilimpendekeza wa tatu, Profesa Mshiriki wa isimu kutoka Zanzibar, kwa kipindi cha 2024/2025 hadi 2026/2027. Mtahini wa fasihi, kutoka Nairobi, anaendelea na mwaka wake wa pili. Majina na wasifu viko katika Kiambatisho C, ambacho ni cha siri na kinapelekwa Seneti pekee.

Watahini wa nje watakuwapo tarehe 11 hadi 15 Agosti. Kwa kozi yenye watahiniwa wasiozidi 30 watapewa skripti zote. Kwa kozi kubwa watapewa zote za walioshindwa, wakiwamo wenye alama 38 na 39, na tano za kila daraja. Bodi ya Watahini ya Idara itakaa tarehe 20 Agosti.

Dondoo 3/6: Watahini wa tasnifu za uzamili

Tasnifu ya istilahi za uvuvi katika Kimtang'ata: mtahini wa nje aliyependekezwa awali amechapisha makala pamoja na msimamizi, hivyo nafasi yake imechukuliwa na mtaalamu mwingine wa lahaja. Tasnifu ya nyimbo za vave: watahini wote wawili waliidhinishwa bila mjadala.

Tasnifu ya uchopekaji wa irabu katika maneno ya mkopo iliahirishwa. Msimamizi alijipendekeza kuwa mtahini wa ndani, jambo ambalo kikao hakikulikubali, na fomu ya nia ya kuwasilisha haijajazwa ilhali hutakiwa miezi mitatu kabla. Mtahiniwa asiadhibiwe kwa uzembe usio wake: Mratibu wa Shahada za Juu ahakikishe fomu imejazwa kabla ya tarehe 21 Mei, na majina mapya yaidhinishwe kwa waraka wa mzunguko bila kusubiri kikao.

Dondoo 3/7: Mengineyo

Mashine ya kudurufu ya Idara ni mbovu. Mitihani yote itachapishwa Ofisi ya Mitihani, msimamizi wa kozi akiwapo.

Dondoo 3/8: Kufunga kikao

Kikao kilifungwa saa 7:10 mchana. Kikao kijacho ni Jumatano, tarehe 11 Juni 2025, saa 3:30 asubuhi.

Umeandaliwa na Katibu wa Idara tarehe 16 Mei 2025 na kusambazwa kwa wajumbe wote. Masahihisho yamfikie Katibu kwa maandishi kabla ya tarehe 23 Mei.