Baiskeli moja, kazi na Jumamosi: mwongozo kwa wageni wa klabu

Wengi wanaojiunga nasi hapa Kisumu wana baiskeli moja tu. Jumatatu hadi Ijumaa inakula vumbi la Kondele na matope ya Nyalenda, na Jumamosi alfajiri ndiyo hiyo hiyo tunayopanda nayo Kiboswa au kwenda nayo Maseno. Kwa hivyo ikague Ijumaa jioni. Ukigundua Jumamosi asubuhi kwamba tairi imelala, fundi bado hajafungua kibanda chake, na wenzako ishirini wamesimama wanakutazama ukipiga pampu.

Cheni

Anza hapa, maana hapa ndipo pesa zinapopotelea. Shika cheni kwa kitambaa kikavu, uzungushe pedali kinyumenyume mara ishirini hivi. Kitambaa kikishakuwa cheusi, geuza upande mwingine uendelee. Kama ulipita Ahero mvua ikinyesha na ule udongo mweusi wa Kano umegandia, chovya mswaki mkuukuu kwenye mafuta taa kidogo, sugua, futa, uiache ikauke kabisa.

Sasa weka oili: tone moja kwa kila pingili, mzunguko mmoja tu. Zungusha pedali kidogo, ngoja dakika tano, kisha uifute tena. Wageni hushangaa: mbona nimeweka nikafuta? Oili yenye kazi ni ile iliyoingia ndani kwenye pini. Iliyobaki nje inaokota mchanga, na mchanga ukichanganyika na oili unakula chuma kama tupa. Nayasema haya nikiwa nimeungua. Mwaka wangu wa kwanza fundi mmoja alinipaka oili chafu iliyotolewa kwenye injini ya gari, bure, nami nikamshukuru sana. Wiki mbili baadaye cheni ilikuwa ikilia kama jiwe la kusagia mtama.

Mara moja kwa mwezi ipime kwa rula. Cheni mpya, kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya pini ya 24 baada yake, ni inchi 12 kamili. Pini hiyo ikiwa imepita alama kwa milimita moja na nusu, nunua cheni nyingine. Ukisubiri hadi milimita tatu, itakuwa imeshazila sproketi za nyuma, na cheni mpya itaruka juu yake kila ukikanyaga kwa nguvu mlimani. Hapo utanunua vyote viwili.

Tairi

Kiwango cha upepo kimeandikwa ubavuni mwa tairi kwa PSI. Usizidishe kile cha juu. Kubonyeza kwa kidole gumba kunatosha kwa blakmamba. Kwa tairi nyembamba kidole kinadanganya, tumia pampu yenye geji.

Ukipata pancha, kabla ya kurudisha tyubu pitisha vidole polepole ndani ya tairi, mzunguko mzima. Mwiba uliokutoboa mara nyingi bado umo humo. Kiraka nacho kina subira yake: sugua tyubu kwa msasa, paka solusheni, ngoja hadi mng'aro wake upotee na isinate sana kidoleni, ndipo ubandike. Beba tyubu nzima ya akiba, viopoo viwili vya tairi na pampu, na uijaribu pampu hiyo nyumbani, kwani vali ziko nyembamba na nene.

Breki

Kushuka kutoka Kiboswa hadi Mamboleo ndiko kunakofichua breki mbovu. Finya mkono wa breki: ukigusa usukani, kaza waya. Tazama raba, ile mifereji yake ikiisha, badilisha. Hakikisha inagusa rimu na haigusi tairi. Mwenye breki za diski asiruhusu oili ikaribie diski, hata alama ya kidole chenye grisi. Na mteremkoni usiishikilie breki muda wote. Finya, achia, finya tena.

Kelele

Inua baiskeli kama sentimita tano, uiachie ianguke kwa magurudumu yake. Sikiliza. Kinacholia "kacha" kimelegea: keria, madigadi, au kengele. Vua keria Ijumaa kama haina mzigo. Ukifungua pedali, kumbuka ya kushoto inazungushwa kinyume na ya kulia. Vijana wengi wamezikata nyuzi za skrubu yake wakilazimisha.

Zungusha gurudumu ukitazama rimu inavyopita kwenye raba za breki. Ikiyumba, au spoki imelegea, mpelekee fundi. Kunyoosha rimu kunataka mkono uliozoea, na mimi mwenyewe baada ya miaka yote hii bado nalipa.

Jumamosi tunaondoka saa kumi na mbili na nusu. Fika saa kumi na mbili na robo, tuzungushe hayo magurudumu pamoja kabla ya kutoka.