NOTISI YA MWISHO YA KUHAMA NYUMBA, TABATA KIMANGA

Jumatatu, tarehe 4 Agosti 2025

Kwako Baba Salma, mpangaji wa upande wa kulia, vyumba viwili, sebule na jiko, hapa kwangu Kimanga.

Asalaam alaykum. Hii ni notisi ya mwisho. Nimeiprinti kopi tatu, moja unapewa mkononi leo mbele ya mjumbe, na picha yake nakutumia Watsap sasa hivi ili isije ikasemwa haijakufika. Naomba uisome yote na Mama Salma aisome, maana na yeye anaishi humo na ana haki ya kujua.

Mkataba wetu ulianza tarehe 1 Februari 2024, kodi laki mbili na nusu kwa mwezi, inalipwa miezi mitatu mitatu kabla hujaanza kuikaa. Mwaka wa kwanza ulilipa vizuri na sina neno, nasema hivyo kwa sababu ni kweli. Tatizo limeanza Februari mwaka huu. Kwa miezi ya Februari, Machi na Aprili ulitakiwa 750,000 ukaleta 300,000, ikabaki 450,000. Mei, Juni na Julai hujatoa hata shilingi, hiyo ni 750,000 nyingine. Agosti imeshaingia, 250,000. Jumla ya kodi peke yake 1,450,000.

Uliwahi kuniambia kwamba kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU yako wakati nyumba sio yako, na hapo una haki kabisa, ile ni ya mwenye nyumba. Ni 1,500 kwa mwezi, tangu uingie mpaka mwisho wa Julai ni miezi 18, kwa hiyo natoa 27,000 kwenye deni lako. Ila kuna bili ya maji niliyokulipia mimi miezi mitatu ili wasije wakatukatia wote, sehemu yako ni 42,000. Ukitoa hiyo na ukiongeza hii, ninachokudai leo ni SHILINGI 1,465,000. Kama una risiti au meseji ya malipo ambayo mimi sijaihesabu ilete hata kesho, tutakaa tuhesabu upya, sitaki senti ambayo sio yangu.

Sijakurupuka kuandika hii. Tarehe 6 Mei nilikugongea mlango tukaongea kwa heshima, ukasema mzigo wako umekwama. Tarehe 21 Mei nikakuandikia Watsap, tiki mbili za bluu na jibu hakuna. Tarehe 10 Juni nikakuletea barua, mjumbe akashuhudia ukiipokea. Ijumaa tarehe 4 Julai tukakaa ofisi ya serikali ya mtaa, wewe mwenyewe ukaandika kwa mkono wako kwamba utaleta laki nne ikifika tarehe 20 na iliyobaki mwisho wa mwezi, ukasaini. Tarehe 20 ikapita, mwisho wa mwezi ukapita, hukuja hata kusema Mama Zuhura nimekwama, na hilo la kukaa kimya ndilo limenifikisha hapa, kwa sababu mtu akiniambia hali yake ya kweli najua namna ya kupanga. Nyumba hii ndiyo mshahara wangu, tangu marehemu baba Zuhura aondoke sina kingine, dawa zangu za presha na ada ya mjukuu vinatoka humo humo.

Kwa hiyo, kwa kuwa umevunja sharti la kulipa kodi lililopo kwenye mkataba na ahadi yako ya maandishi pia hukuitimiza, nakupa notisi ya SIKU 30 kuanzia leo chini ya mkataba wetu na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999. Mwisho ni Jumatano tarehe 3 Septemba 2025 saa kumi na mbili jioni. Mpaka muda huo uwe umelipa deni lote, sio nusu, au uwe umehama na kukabidhi funguo. Ukilipa lote kabla ya hapo notisi hii inakufa na mkataba unaendelea mpaka 31 Januari 2026 kama tulivyoandikiana. Ukileta kidogo nitapokea na nitakupa risiti, lakini notisi inabaki palepale isipokuwa mimi niandike na kusaini kwamba nimeiondoa, maneno ya mdomoni hayatahesabika tena kwa pande zote mbili. Lipa kwenye akaunti ileile iliyoandikwa kwenye mkataba, usimpe hela fundi wala binti anayenisaidia kazi.

Kuhama hakufuti deni. Utaondoka na utaendelea kudaiwa mpaka tumalizane.

Najua Salma yuko la saba na mtihani ni Septemba. Mtoto hana kosa na sitaki akalale sehemu ngeni wiki ya mtihani. Ukiandika maombi na kuyapeleka ofisi ya mtaa kabla ya tarehe 25 Agosti, ukataja humo kwamba mnahama, nitawaongezea mpaka Jumamosi tarehe 13 Septemba na siku hizo kumi sitazidai kodi. Hiyo ni kwa ajili ya mtoto tu, na baada ya hapo hakuna nyongeza nyingine, tafadhali usije kuniomba.

Na niseme hili wazi kwa sababu mtaani watu wanafanya sana: sitakufungia mlango kwa kufuli langu, sitakata umeme wala maji, sitang'oa bati, sitatuma vijana watoe vyombo nje, na sitashikilia friji lako wala kitu chochote kwa ajili ya deni. Sheria hainiruhusu na hata ingeniruhusu nisingefanya. Lakini usichukulie kwamba ndo nimelegea. Tarehe 3 ikipita bila malipo na bila funguo, asubuhi ya tarehe 4 Septemba nafungua shauri, nianzie Baraza la Kata ambalo tangu sheria ibadilishwe 2021 kazi yake kwenye migogoro hii ni kusuluhisha tu, tukishindwana nachukua hati yao naenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya ya Ilala. Kule nitaomba amri ya kukutoa, deni lote, kodi ya kila siku utakayokuwa umekaa bila ridhaa yangu, na gharama za kesi. Ikifika huko atakayekutoa ni dalali aliyepewa amri na baraza, mimi sitakuwa na la kusema tena. Barua zote, meseji na ile karatasi uliyosaini mtaani ninazo.

Siku ya kukabidhi nipigie siku mbili kabla ili mjumbe awepo. Tutakagua pamoja kwa zile picha tulizopiga ulipoingia, rangi iliyofifia na uchakavu wa kawaida sitakudai, ila kitasa cha mlango wa nyuma kilichovunjwa ukirudishe kikiwa kizima. Funguo zote nne, na namba ya mita tuisome wote tuiandike.

Ukitaka kuongea nipo nyumbani kila siku kuanzia saa kumi alasiri, njoo na mtu wako kama utapenda, mlango wangu haujafungwa.

Mama Zuhura
Mwenye nyumba

Shahidi wa makabidhiano ya notisi: Mjumbe wa shina
Nakala: Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa